Hatua zinazopungua: karatasi tano za kujaza kwa somo la mkengeuko sanifu

Nafundisha takwimu za mwaka wa kwanza hapa Kisumu, wengi wao wanafunzi wa diploma ambao waliiacha hesabu ya sekondari na kudhani wameagana nayo. Somo linalowasumbua mapema kabisa ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Ukiutazama hatua kwa hatua hauna kitu kigeni: kujumlisha, kutoa, kugawa, kipeuo cha pili. Kinachowashinda ni kwamba hatua ni sita, zinafuatana, na kila moja ina sababu yake. Nikifanya mfano ubaoni wote hutikisa kichwa. Nikifuta ubao na kuwapa swali lao, nusu ya darasa huandika wastani kisha kalamu zinasimama.

Kati ya mfano kamili na swali tupu kuna pengo kubwa, na karatasi za kujaza hatua ni daraja la kulivuka. Karatasi ya kwanza ina mfano mzima. Ya pili ina mfano mwingine wenye hatua za mwisho zilizoachwa wazi. Ya tatu inaacha wazi zaidi, na ya tano ina swali peke yake. Jambo hili limechunguzwa vizuri: mwaka 2002 Alexander Renkl, Robert Atkinson na wenzao walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kupunguza hatua kidogo kidogo kuliwasaidia wanafunzi, kwenye maswali yanayofanana na mifano waliyosoma, kuliko kuwapa mfano kamili na kufuatisha swali kamili. Wazo ni rahisi. Ugumu uko kwenye kutunga karatasi zenyewe, na hapo ndipo nilipokosea mara nyingi, kwa hiyo nitapaeleza kwa urefu.

Kwanza gawanya hatua, tena ziwe zile zile kwenye kila karatasi

Kabla ya kuandika namba yoyote, amua hatua ni ngapi na kila moja inaitwaje. Mimi nina sita: kutafuta wastani, kutoa wastani kwenye kila namba, kuzidisha kila tofauti kwa yenyewe na kujumlisha, kugawa jumla hiyo kwa idadi iliyopunguzwa moja, kutafuta kipeuo cha pili, na kuandika sentensi inayosema jibu lina maana gani. Majina haya hayabadiliki kutoka karatasi ya 1 hadi ya 4, wala mpangilio wake kwenye ukurasa. Mwanafunzi akifungua karatasi ya 3 macho yake yatue mahali pale pale yalipozoea.

Kinachobadilika ni habari yenyewe: matatu, mayai, omena, bodaboda. Ukirudia matatu kila mara, mwanafunzi atadhani dakika ni sehemu ya kanuni. (Karatasi za darasani kwangu zina majina ya hatua kwa lugha ya mtihani wao. Maelezo ya mdomo tunayafanya kwa Kiswahili, kama ninavyoandika hapa.)

Hii ndiyo karatasi ya 1, jinsi inavyotoka kwenye mashine ya kopi. Zinazofuata nimezifupisha hapa.

*Dakika za kusubiri matatu Kondele, asubuhi tano: 13, 6, 17, 11, 13*

Hatua ya 1. Wastani: 13 + 6 + 17 + 11 + 13 = 60, na 60 ÷ 5 = 12.

Hatua ya 2. Tofauti na wastani: 1, −6, 5, −1, 1.
*Kwa nini ukizijumlisha lazima upate 0?*

Hatua ya 3. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha: 1 + 36 + 25 + 1 + 1 = 64.
*Kwa nini tusijumlishe tofauti zenyewe, bila kuzizidisha?*

Hatua ya 4. Gawa kwa idadi iliyopunguzwa moja: 5 − 1 = 4, na 64 ÷ 4 = 16.
*Nikikuonyesha tofauti nne za kwanza tu, utaweza kunitajia ya tano?*

Hatua ya 5. Kipeuo cha pili: √16 = 4.
*Ile 16 ya hatua ya 4 ni dakika, au ni kitu kingine?*

Hatua ya 6. Sentensi: Kwa wastani husubiriwa dakika 12, na siku kwa siku muda hupanda au kushuka kutoka hapo kwa dakika 4 hivi.

Namba zote za karatasi hizi nimezitunga mimi, na wanafunzi nawaambia hivyo.

Maswali ya herufi za mlazo, yale yaliyo chini ya hatua, ni nusu ya kazi. Bila hayo, karatasi ya 1 inasomwa kama tangazo ukutani: jicho linapita na mkono hauna la kufanya. Kila swali liwe na nafasi ya mstari mmoja tu wa jibu. Swali la hatua ya 4 ndilo ninalolipenda, maana linajibika kwa vidole. Tofauti nne za kwanza ni 1, −6, 5 na −1. Jumla yake ni −1. Zote tano lazima zifike 0, basi ya tano haina budi kuwa 1. Haina uhuru wake. Kwa hiyo kwenye tofauti tano, nne tu ndizo zinazoleta habari mpya, na kwa nne ndiyo tunagawa. Sababu nyingine, nzito zaidi, ni kwamba wastani wa sampuli huketi katikati ya sampuli hiyo hiyo, kwa hiyo tofauti zinatoka ndogo kuliko ambavyo zingetoka tungeujua wastani wa kweli wa asubuhi zote. Kugawa kwa 4 badala ya 5 kunasahihisha upungufu huo. Siku ya kwanza mimi hutosheka na hoja ya vidole.

Wawe wawiliwawili. Mmoja anasoma hatua, mwenzake anajibu swali la mlazo kwa sauti, kisha wanabadilishana. Dakika kumi na mbili zinatosha.

Toa kuanzia mwisho, usitoe katikati

Karatasi yangu ya kwanza kabisa, miaka kadhaa iliyopita, niliacha wazi hatua ya 4 peke yake kwa kuwa ndiyo ngumu. Hatua ya 5 niliiacha imechapishwa: √16 = 4. Darasa zima lilijaza 16 bila kosa. Nikafurahi, hadi nilipopita kati ya madawati nikaona wanavyofanya: wanatazama mstari wa chini, wanaona 16 ndani ya kipeuo, wanaipandisha juu. Hakuna aliyegawa chochote.

Tangu hapo natoa kuanzia mwisho. Hatua ikiachwa wazi, zote zinazofuata ziwe wazi pia, ili jibu lisivuje kutoka chini. Kuna faida nyingine: mwanafunzi anayejaza hatua ya mwisho kwanza anamaliza swali. Anafika kwenye jibu tangu karatasi ya 2, na anaona hatua zote za nyuma zilikuwa zinaelekea wapi.

Kitu kingine kinachovuja ni alama. Ukichapisha "……… ÷ ……… = ………" umeshamwambia mwanafunzi agawe, na umemwambia namba mbili zinahitajika. Kwenye karatasi ya 2 sina neno na hilo. Kuanzia ya 3 naacha mstari mrefu wa nukta, bila alama yoyote, na mistari yote ina urefu mmoja hata pale jibu likiwa tarakimu moja.

Kutunga namba: sehemu inayotaka uvumilivu

Muhula mmoja mfano wangu wa kwanza ulikuwa wa maziwa: lita 8, 11, 11, 15 na 15. Wastani ni 12. Tofauti ni −4, −1, −1, 3 na 3. Ukizidisha kila moja kwa yenyewe na kujumlisha unapata 36, ukigawa kwa 4 unapata 9, na kipeuo chake ni 3. Safi kabisa, nikajipongeza. Binti mmoja akaniletea swali hilo hilo na jibu 3, nikamwekea tiki. Wiki iliyofuata, kwenye namba nyingine, akakosa vibaya. Nikamwomba anifanyie tena lile la maziwa nikimtazama.

"Mwalimu, hizi alama za hasi zilikuwa zinanisumbua, nikazifuta," akasema. Akaandika 4 + 1 + 1 + 3 + 3 = 12, akagawa kwa 4, akapata 3.

Hakuzidisha tofauti kwa zenyewe hata mara moja, na hakugusa kipeuo. Namba zangu zilikuwa zimetoa jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na tiki yangu ikamthibitishia kosa. Binti hakuwa na hatia yoyote. Mfano ndio uliokuwa mbovu.

Kwa hiyo sasa kila seti ya namba naipitisha kwenye makosa ya kawaida kabla haijafika kwenye mashine ya kopi. Makosa yenyewe ni machache: kugawa kwa idadi nzima badala ya kupunguza moja, kusahau kipeuo, kudhani kipeuo cha pili ni kugawa kwa mbili, kufuta alama za hasi na kugawa kwa idadi, kufuta alama za hasi na kugawa kwa idadi iliyopunguzwa moja. Ukiwa na Excel, andika namba kwenye A1 hadi A5, kisha fomula hizi kwenye safu nyingine:

```
=STDEV.S(A1:A5)
=STDEV.P(A1:A5)
=VAR.S(A1:A5)
=VAR.S(A1:A5)/2
=AVEDEV(A1:A5)
=AVEDEV(A1:A5)*5/4
```

Mstari wa kwanza ni jibu sahihi, na mitano iliyobaki ni makosa yale matano kwa mpangilio nilioutaja. Kwa namba za Kondele utapata 4, kisha 3.58, 16, 8, 2.8 na 3.5. Hakuna mawili yanayolingana, kwa hiyo mwanafunzi akiniletea 3.58 najua bila kumuuliza kwamba aligawa kwa 5. Kwa namba za maziwa mstari wa kwanza na wa mwisho yote yatasema 3, na hapo unazitupa namba hizo utunge nyingine. Idadi ikiwa si tano, badilisha A5, na ile 5/4 iwe idadi juu ya idadi iliyopunguzwa moja.

Angalia pia mambo mawili. La kwanza, usiruhusu namba iliyo ndani ya kipeuo iwe 4, kwa sababu kipeuo chake ni 2 na nusu yake pia ni 2. La pili, majibu ya karatasi mbili zinazofuatana yasilingane. Karatasi ya 1 ikitoa 4 na ya 2 ikitoa 4, wapo watakaonakili.

Karatasi ya 2: hatua ya 5 na ya 6 ziko wazi

*Mayai yaliyookotwa siku sita kwa mfugaji mmoja: 30, 30, 15, 27, 30, 30*

Hatua ya 1. Jumla 162, na 162 ÷ 6 = 27.

Hatua ya 2. 3, 3, −12, 0, 3, 3.

Hatua ya 3. 9 + 9 + 144 + 0 + 9 + 9 = 180.

Hatua ya 4. 6 − 1 = 5, na 180 ÷ 5 = 36.

Hatua ya 5. ………………………………

Hatua ya 6. ………………………………

Jibu ni mayai 6. Anayeandika 18 amegawa kwa mbili, na unamwuliza swali moja tu: namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata 36? Usimpe jibu.

Ila karatasi hii haiko hapa kwa ajili ya kipeuo. Iko kwa ajili ya sentensi. Wengi huandika "mkengeuko sanifu ni 6" wakaweka kalamu chini, na hiyo si sentensi ya hatua ya 6. Waulize mayai 6 ya nini. Halafu waelekeze kwenye hatua ya 3: ile siku moja ya mayai 15 imeleta 144 kati ya 180. Siku nyingine tano zote kwa pamoja zimeleta 36. Mwanafunzi anayeliona hilo ameelewa kwamba kuzidisha tofauti kwa yenyewe kunaipa nguvu siku iliyo mbali, na kwamba mkengeuko sanifu unaweza kubebwa na siku moja mbaya. Kwenye karatasi hii hatua ya 3 imechapishwa, kwa hiyo ana muda wa kuitazama bila kuhangaika na hesabu. Ndiyo maana hatua zilizochapishwa bado zina kazi: zinasomwa upya, mara hii na mtu anayejua zinakokwenda.

Idadi hapa ni sita, si tano, nami nimefanya hivyo makusudi. Kuna muhula nilitoa karatasi nne zote zikiwa na namba tano tano. Wanafunzi wangu wakajifunza kwamba mkengeuko sanifu hugawanywa kwa 4.

Karatasi ya 3: hatua ya 4 inaanguka

Hii ndiyo karatasi ninayoipa muda mrefu zaidi, na raundi hii hatua moja tu mpya ndiyo inayoondolewa. Mwaka 2004 Renkl na Atkinson, pamoja na mwenzao mwingine, walionyesha kwamba wanafunzi hujifunza zaidi zile hatua walizolazimika kuzijaza wenyewe. Kwa hiyo hatua yenye uzito ipewe raundi yake peke yake, isije ikapotea ndani ya kundi.

*Kilo za omena alizouza mama mmoja Dunga, siku saba: 25, 28, 30, 34, 33, 30, 30*

Hatua ya 1. Jumla 210, na 210 ÷ 7 = 30.

Hatua ya 2. −5, −2, 0, 4, 3, 0, 0.

Hatua ya 3. 25 + 4 + 0 + 16 + 9 + 0 + 0 = 54.

Hatua ya 4, 5 na 6. ………………………………

Sahihi ni 54 ÷ 6 = 9, na kipeuo chake ni kilo 3. Idadi ni saba ili makosa yajitenganishe. Aliyepata 2.78 amegawa kwa 7. Aliyepata 3.29 amegawa kwa 5, yaani amekumbuka karatasi ya mayai. Aliyepata 3.67 amegawa kwa 4, amekumbuka Kondele. Hawa wawili wa mwisho hawana shida moja na yule wa 2.78, na dawa yao si moja. Waliokariri namba, warudishe kwenye karatasi ya 1 na ya 2 ziwekwe kando kwa kando, waambie wanionyeshe ile 4 ilitoka wapi na ile 5 ilitoka wapi. Kwa kawaida dakika mbili zinatosha.

Yule aliyegawa kwa 7 anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa. Kwenye hesabu ya kidato cha nne alifundishwa kugawa kwa jumla ya idadi, bila kupunguza chochote, na alipewa alama kwa kufanya hivyo. Usimwambie amekosea tu. Mwambie kule namba alizopewa zilichukuliwa kuwa ndizo zote, na hapa siku saba ni sampuli ya siku nyingi ambazo hatukuzipima. Kikokotoo chake cha Casio chenyewe kina vyote viwili, σn na σn-1 kwa vile vya zamani, na akiweka namba za omena ataona 2.78 upande mmoja na 3 upande wa pili. Mwonyeshe kwa macho yake. Nimeona wengi wakitulia papo hapo, kwa sababu kumbe mwalimu wa sekondari hakuwadanganya.

Kuhusu maswali ya mlazo: kwenye karatasi ya 3 nabakiza moja tu, mbele ya hatua ya 4. "Umegawa kwa ngapi, na kwa nini?" Nafasi ya mistari miwili.

Mpaka hapa mwanafunzi anaruhusiwa kuwa na karatasi ya 1 mezani. Kabla ya karatasi ya 4 nazikusanya.

Karatasi ya 4: wastani peke yake umebaki

*Abiria aliowabeba mwendesha bodaboda wa Nakuru kabla ya saa nne, siku sita: 4, 7, 5, 9, 8, 6*

Hatua ya 1. Jumla 39, na 39 ÷ 6 = 6.5.

Hatua ya 2 hadi ya 6. ………………………………

Hapa zimeanguka mbili kwa pamoja, ya 2 na ya 3, kwa kuwa ni kazi ya mkono na wameshaziona zikifanywa mara tatu. Ugumu mpya ni ule nusu. Kila darasa lina mtu anayeugeuza wastani kuwa 7 kwa hoja kwamba abiria hawezi kuwa nusu mtu. Hoja yake ina mantiki ya maisha, na karatasi yenyewe itamjibu: akitumia 7, tofauti zake zitakuwa −3, 0, −2, 2, 1 na −1, na jumla yake ni −3. Kwenye karatasi ya 1 aliandika kwa mkono wake kwa nini jumla lazima iwe 0. Mwambie ajumlishe, kisha nyamaza.

Kwa njia sahihi, tofauti ni −2.5, 0.5, −1.5, 2.5, 1.5 na −0.5. Zikizidishwa kwa zenyewe zinaleta jumla ya 17.5, na 17.5 ÷ 5 = 3.5, na kipeuo ni 1.87. Aliyeshikilia 7 atapata 1.95. Aliyegawa kwa 6 atapata 1.71.

Wasikimbilie kitufe cha kikokotoo kinachotoa mkengeuko sanifu moja kwa moja. Kuzidisha na kipeuo wafanye kwa kikokotoo, sawa, lakini kila hatua iandikwe. Karatasi yenye 1.87 pekee siisahihishi.

Majibu, kurudi nyuma, na wanaojua tayari

Jibu la kila karatasi nalichapa chini kabisa, hatua kwa hatua, kisha nakunja ukingo wa karatasi kwenda nyuma na kuubana kwa stepla. Mwanafunzi anafungua akishamaliza. Akiachwa na kosa hadi wiki ijayo, atalizoea.

Kanuni yangu ya kuendelea ni hii: hatua zilizokuwa wazi zikiwa sahihi zote, anachukua karatasi inayofuata. Akikosa moja, anapewa karatasi nyingine ya raundi ile ile, yenye habari tofauti. Akikosa hatua ile ile mara mbili, anarudi kwenye raundi ambayo hatua hiyo imechapishwa, na anatakiwa aiandikie swali lake la "kwa nini". Kwa hiyo tayarisha seti mbili za karatasi ya 2, ya 3 na ya 4. Ni kazi ya jioni moja, nyingi yake ikiwa kupitisha namba kwenye zile fomula.

Usimlazimishe kila mtu aanze mwanzo. Wapo waliokuja wakijua hatua zote, na kwao mfano kamili ni mzigo: wanasoma wanachokijua, wanachoka, wanaanza kukosea. Wape karatasi ya 4 mlangoni. Wakiiweza, waende ya 5. Wakikwama kwenye kugawa, waingie ya 3.

Muda unavyokwenda kwangu: karatasi ya 1 na ya 2 kipindi kimoja cha dakika 40, ya 3 kipindi kizima, ya 4 nusu kipindi siku nyingine. Ya 5 nasubiri wiki nzima.

Ujue pia mpaka wa kazi hii. Karatasi hizi zinafundisha kufanya, hazifundishi kuchagua. Mwanafunzi aliyezimaliza anajua kukokotoa mkengeuko sanifu akiambiwa aukokotoe. Bado hajui ni lini autumie na ni lini aachane nao, mathalani pale namba moja iko mbali mno na wenzake kama ile siku ya mayai 15. Hilo linataka maswali yaliyochanganywa, mengine yakihitaji wastani tu, mengine kipimo kingine kabisa, na hayo hayana nafasi za kujaza.

Karatasi ya 5

Haina majina ya hatua, haina nukta. Ina maneno haya tu:

*Stendi ya pili, hatua mia mbili kutoka ile ya Kondele uliyoisoma wiki iliyopita, dakika za kusubiri matatu asubuhi tano zilikuwa 12, 16, 9, 12, 11. Una mtihani saa mbili kamili na hutaki kuchelewa. Utasubiri stendi ipi? Onyesha hesabu yako.*

Ile "hatua mia mbili" ni namba isiyo na kazi, nimeiweka ili waamue wenyewe cha kuchukua. Wastani wa stendi hii nao ni 12, kwa hiyo anayesimama kwenye wastani atasema zote ni sawa, na hapo utajua hakuona sababu ya kuendelea. Anayeendelea atapata tofauti 0, 4, −3, 0 na −1, zikizidishwa kwa zenyewe jumla 26, kisha 6.5, na mkengeuko sanifu wa dakika 2.55 dhidi ya 4 za Kondele. Ukiona 2.28, amerudia kugawa kwa 5.

Muhula uliopita kijana mmoja alimaliza hesabu yote sawasawa, kisha akaandika chini yake: "Stendi ya pili, maana haibadilikibadiliki. Lakini asubuhi tano ni chache, ningepima kumi."

Nilimpa saa yangu ya mkononi akapime.